Nirundike mshahara hadi Desemba, au niwekeze kila mwezi?

*Mshauri, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, mfanyakazi wa serikali hapa Ilemela. Mshahara unaingia mwisho wa mwezi, na nikijibana nabakiza 200,000. Desemba tulivunja kikoba nikapata 4,800,000, na mpaka leo ziko benki kwenye akaunti ya kawaida. Julai nina ada ya kijana, 900,000. Nyingine nataka kuziweka kwenye mfuko wa vipande wenye hisa ndani yake, na sitarajii kuzigusa kwa miaka kumi.*

*Mwenzangu wa ofisini amesoma kwamba kuweka kwa mkupuo kunashinda kuweka kidogo kidogo. Kwa hiyo ananiambia nisidonyoe, hiyo 200,000 niirundike hadi Desemba ifike 2,400,000, ndipo niingize yote siku moja. Mume wangu anasema kinyume: hata za kikoba nizigawe miezi 24, ili soko likianguka tuwe tumepona. Kila mmoja nikimsikiliza naona ana hoja. Naogopa kukosea siku ya kuingia. Nifanyeje?*

*Mama wa Wawili, Ilemela*

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuvutwa huku na huku na watu wawili wanaokutakia mema.

Nikiisoma barua yako naona ndani yake mna pesa za aina mbili, na nyote watatu mmeziweka kwenye kapu moja. Kuna pesa ambayo tayari unayo, yaani mgawo wa kikoba. Halafu kuna pesa ambayo bado hujaipata, yaani zile 200,000 za Machi, za Aprili, za Mei. Ushauri wa mwenzako unahusu aina ya kwanza, lakini yeye ameutumia kwenye aina ya pili, na hapo ndipo mambo yamepinduka.

Utafiti anaousema huenda ni ule wa kampuni ya uwekezaji ya Marekani iitwayo Vanguard, uliotolewa mwaka 2012. Waliangalia masoko ya Marekani, Uingereza na Australia, wakauliza hivi: mtu mwenye fedha mkononi leo akiziingiza zote leo, na mwingine akazigawa kwa miezi 12, nani anaishia na nyingi? Karibu mara mbili katika kila tatu alishinda aliyeingiza zote leo. Sababu yake ni nyepesi. Masoko hayo yalipanda miaka mingi kuliko yaliyoshuka, kwa hiyo pesa iliyoingia mapema ilipata muda mrefu wa kufanya kazi, na pesa iliyosubiri nje ikakosa.

Sasa uutazame mpango wa kurundika mshahara hadi Desemba kwa jicho hilo hilo. Pesa ya Januari itasubiri nje miezi 11. Ya Februari itasubiri 10, ya Machi 9, na kuendelea hivyo. Kilichompa ushindi mtu wa mkupuo ni kutosubiri, na mwenzako anakushauri usubiri ili upate mkupuo! Neno limebaki lile lile, maana yake imegeuka. Kwa mtu wa mshahara, kuingiza 200,000 siku inapopatikana ndiyo mkupuo wenyewe. Ni mkupuo mdogo, lakini umeingiza chote ulichonacho siku hiyo.

Hasara ya kurundika unaweza kuipiga kwenye karatasi. Chukua faida ya asilimia 0.8 kwa mwezi, kwa mfano tu, maana hakuna anayeweza kukuahidi. Jumla ya miezi ambayo mafungu yako 12 yangelala, 11 jumlisha 10 jumlisha 9 hadi sifuri, ni 66. Zidisha 66 kwa 1,600, ambayo ndiyo asilimia 0.8 ya laki mbili, unapata 105,600. Hapo sijahesabu faida juu ya faida. Ni zaidi ya nusu ya akiba yako ya mwezi mmoja, kwa mwaka mmoja, na ukirudia mpango huo kila mwaka inajirudia. Inaweza kutokea mwaka ambao bei zimeshuka mfululizo na aliyesubiri Desemba akanunua kwa bei nafuu, siwezi kukukatalia. Ila huo utakuwa ni mwaka wa bahati.

Yapo mazingira mawili ambapo kurundika kuna maana. Moja ni kitu chenye kiwango cha kuanzia. Hatifungani za serikali, yaani mikopo ambayo serikali inachukua kwa wawekezaji na kuwalipa riba, zinazouzwa na Benki Kuu zinaanzia shilingi 1,000,000, kwa hiyo mwenye laki mbili kwa mwezi lazima akusanye miezi mitano kwanza. La pili ni gharama ya kutuma isiyobadilika. Tuseme kila ukituma unakatwa 2,000. Ukituma 20,000 umepoteza asilimia kumi kabla hujaanza. Ukituma 200,000 umepoteza asilimia moja. Kwa kiasi chako hiyo si sababu ya kusubiri mwaka mzima, ingawa kama makato yenu ni makubwa, kutuma mara moja kila miezi miwili si dhambi. Kamisheni ya dalali wa hisa yenyewe huhesabiwa kwa asilimia ya ulichonunua, hivyo kununua mara nyingi hakuiongezi, isipokuwa dalali wako awe na kima cha chini anachotoza. Hilo muulize kabla hujajaza fomu.

Mume wako naye ana jambo la kweli mkononi, na ningependa ulione vizuri kabla hujalipima. Nenda nalo hadi Kirumba Mwaloni. Tuseme kila wiki unanunua dagaa wa 20,000, hupunguzi wala huongezi. Wiki ya giza wavuvi wanawasha taa, dagaa wanazifuata, mzigo unakuwa mwingi na sado inashuka hadi 5,000. Unapata sado nne. Wiki ya mbalamwezi dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mzigo unapungua na sado inapanda hadi 10,000, unapata mbili. Umetumia 40,000 ukapata sado sita, kila moja imekugharimu kama 6,670. Wastani wa bei za sokoni lakini ulikuwa 7,500. Umepata chini ya wastani bila kubahatisha mwezi wala kumuuliza mvuvi, kwa sababu pesa ile ile inanunua vingi bei ikiwa chini na vichache bei ikiwa juu. Vipande vya mfuko, yaani zile sehemu ndogo ndogo za mfuko ambazo kila mwekezaji hununua, vinafanya hivyo hivyo.

Ni kweli tupu, lakini uliza: nimepata nafuu kuliko nani? Kuliko jirani anayenunua sado tatu kila wiki, iwe giza iwe mbalamwezi. Yeye kwa sado sita ametoa 45,000. Hujalinganishwa na jirani wa tatu, aliyekuwa na 40,000 nzima tangu wiki ya giza akachukua sado nane palepale. Huyo ndiye wa mkupuo. Na kama wiki ya kwanza ingekuwa ya mbalamwezi, angepata nne tu, akakuonea wivu. Kwa hiyo ule wastani mzuri hausemi chochote kuhusu kipi bora kati ya kuingiza zote leo na kuzigawa. Hilo linategemea bei inakoelekea baada ya leo, na hakuna ajuaye.

Tuje kwenye za kikoba. Kabla ya kujadili mkupuo na mafungu, kwanza tuone ni ngapi kati ya hizo 4,800,000 zinaruhusiwa kuingia kwenye kitu kinachopanda na kushuka. Ada ya Julai, 900,000, haiwezi kuingia. Miezi michache haitoshi bei kujirudi ikishuka. Ya dharura nayo haiingii. Tufanye 1,500,000, namba ambayo ni yako kuibadilisha. Zinabaki 2,400,000. Nina mashaka kwamba sehemu ya hofu yako inatokana na kuona 4,800,000 yote ikiingia hatarini, wakati kiasi chenyewe ni nusu.

Jambo jingine ambalo barua haikuligusa ni aina ya mfuko. Umesema una hisa ndani, na hapo mjadala huu una maana. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji, ulioanza mwaka 2005, ni wa namna hiyo, unachanganya hisa na dhamana za serikali. Lakini Mfuko wa Ukwasi wa kampuni hiyo hiyo unaweka pesa kwenye amana za benki na dhamana, na thamani ya kipande chake hupanda polepole bila mabonde kama ya hisa. Kwenye mfuko wa namna hiyo kugawa mafungu hakukusaidii lolote, maana hakuna bonde la kununulia. Unachelewa tu. Ikiwa ada na dharura zako utaziweka huko, ziingize siku moja.

Kwa zile 2,400,000 za kuingia kwenye hisa, nikuonyeshe safari tatu. Bei nimezichagua mimi, zinaruka kuliko kawaida ya mfuko mchanganyiko, ili tofauti ionekane kwa macho. Upande mmoja unaingiza zote siku ya kwanza kipande kikiwa 500, unapata vipande 4,800. Upande mwingine unagawa 400,000 kwa miezi sita.

Safari ya kwanza, bei inapita bondeni: 500, 400, 320, 400, 500, 500. Mafungu yanakupa 800, 1,000, 1,250, 1,000, 800 na 800, jumla vipande 5,650. Mwishoni kipande ni 500, kwa hiyo una 2,825,000, na wa mkupuo yuko palepale kwenye 2,400,000. Hii ndiyo safari iliyo kichwani mwa mume wako.

Safari ya pili, bei inapanda: 500, 500, 625, 625, 800, 800. Mafungu yanaleta 800, 800, 640, 640, 500, 500, jumla 3,880. Mwezi wa sita una 3,104,000. Wa mkupuo ana 3,840,000. Umepata faida, hujapoteza, ila umeachwa 736,000 nyuma.

Safari ya tatu watu wengi hawaifikirii, nami ndiyo ninayotaka uikumbuke. Bei inapanda kama ya pili, unamaliza mafungu yako yote sita, halafu mwezi wa saba inaanguka hadi 450. Vipande vyako 3,880 sasa ni 1,746,000. Wa mkupuo, mwenye vipande 4,800, ana 2,160,000. Wote mmeumia, na wewe uliyejihadhari umeumia zaidi, kwa sababu ulinunua wakati bei inapanda na kinga yako ikaisha siku ulipoingiza fungu la mwisho. Kugawa kunakulinda na anguko linalotokea ndani ya miezi ya kugawa. Likija baadaye, pesa yote iko ndani kama ya mwingine yeyote.

Kwenye soko letu wenyewe mfano upo. Mwaka 2015 wanahisa wa benki ya CRDB waliuziwa hisa stahiki, yaani hisa mpya zinazotolewa kwanza kwa wanahisa waliopo, kwa shilingi 350. Mwaka 2019 hisa hiyo ilikuwa inauzwa chini ya 100. Kugawa miezi sita, hata miezi 12, kuanzia 2015 kusingemwokoa mtu na mteremko wa miaka minne. Lakini mtu wa mshahara aliyekuwa akinunua kila mwezi bila kukatisha, miaka yote ile, alipata nyingi mno katika ile miezi ya bei za chini, na kufika 2023 bei ilikuwa imeshapita 350. Tahadhari iko hapa: hiyo ni kampuni moja, na kampuni moja inaweza kushuka isirudi. Kuendelea kununua kinachoshuka kuna maana kwenye mfuko wenye vitu vingi ndani yake. Kwenye kampuni moja kunaweza kuwa ni kuongeza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Ninataka kusema kwamba kinga yako kubwa haipo kwenye namna utakavyoigawa 2,400,000. Ipo kwenye mshahara. Laki mbili kwa mwezi kwa miaka kumi ni 24,000,000, na zitaingia katika siku 120 tofauti, bei za juu na za chini. Za kikoba ni sehemu ya kumi tu ya hizo. Soko likianguka mwaka wa pili, sehemu kubwa ya pesa yako ya maisha itakuwa bado haijaingia, na itanunua kwa bei ya chini. Ile siku ya kuingia unayoiogopa ni siku moja kati ya 121.

Lakini siwezi kukuambia hofu haina uzito, maana mwaka wa kwanza hizo 2,400,000 ndizo karibu zote ulizonazo, na ukiona zimesoma 1,900,000 hutafikiria miaka kumi. Kwa hiyo tuulize kugawa kunagharimu kiasi gani, ili ujue bei ya utulivu.

Ukifuata miezi 24, yaani laki moja kila mwezi, fungu la kwanza linaingia leo na la mwisho baada ya miezi 23. Kwa wastani kila shilingi inasubiri miezi 11 na nusu. Kama mfuko ungezaa asilimia 10 kwa mwaka na pesa inayosubiri iko kwenye akaunti isiyozaa, utakuwa umeacha kama 230,000 njiani. Ukigawa miezi sita, wastani wa kusubiri ni miezi miwili na nusu, na gharama inashuka hadi kama 50,000. Na ukigawa miezi sita huku zinazosubiri zikiwa kwenye mfuko wa ukwasi, tofauti kati ya huko na kule zinakokwenda ikiwa asilimia 4 kwa mwaka, gharama ni kama 20,000. Kutoka 230,000 hadi 20,000, na bado umegawa. Angalia kwamba kilichopunguza gharama ni mambo mawili tu, urefu wa kugawa na mahali pa kusubiria.

Kwa hiyo njia zilizo mbele yako naziona hivi. Unaweza kuingiza 2,400,000 zote mwezi huu. Hesabu za uwezekano ziko upande huo, na hatari yake ni kwamba ukikutana na bonde mapema unaweza kuogopa ukauza, na aliyeuza bondeni hana tena mjadala wa mkupuo na mafungu. Unaweza kuingiza nusu sasa na nusu kwa mafungu matatu au manne. Utajutia kidogo popote bei itakapokwenda, na wengi wanaweza kuishi na majuto madogo. Unaweza kugawa zote miezi sita kupitia mfuko wa ukwasi. Hapo hatari ni kwamba bei ipande ikuache. Kugawa miezi 24 sikukatazi, ila ujue unalipia kinga ndefu kwa bei kubwa, na tayari mshahara unakupa kinga hiyo bure. Takwimu za Marekani nazo usizihamishie hapa kama zilivyo. Soko la Dar es Salaam limeanza biashara mwaka 1998 na kampuni zake ni chache. Kinachohamia ni sababu: ukiamini unachonunua kitapanda kwa miaka kumi, kusubiri kuna gharama. Kama huamini, shida haiko kwenye siku ya kuingia.

Ukichagua mafungu, kuna namna mbili mpango huo unavyokufa, na zote huwa kimya. Ya kwanza, pesa inayosubiri inaliwa. Iko kwenye akaunti ya kawaida, unaiona kwenye simu, mchango wa harusi unakuja kwenye kundi la ukoo, kuna msiba Sengerema, fungu la Mei linakwenda huko na la Juni linafuata. Ndiyo maana nasema zisubiri kwenye mfuko ambao kuzitoa kunahitaji kujaza ombi na kungoja siku kadhaa. Ya pili, mtu anaruka mwezi kwa sababu bei imeshuka, anasema ngoja itulie. Rudi kwenye ile safari ya kwanza. Aliyeruka mwezi wa tatu, bei ikiwa 320, amekosa vipande 1,250, fungu kubwa kuliko yote, na sehemu kubwa ya faida aliyokuwa anaitafuta kwa kugawa imeondoka nalo.

Utajuaje kama unateleza? Omba taarifa ya akaunti ya mfuko baada ya miezi sita, usianzie kwenye thamani ya jumla, anzia kwenye safu ya tarehe. Lazima kuwe na ununuzi kila mwezi. Kisha tazama safu ya vipande ulivyopata. Kwa kiasi kile kile cha pesa, miezi ya bei ya chini inapaswa kuonyesha vipande vingi zaidi. Ukikuta miezi iliyoruka ni ile ile ya bei ya chini, basi unafuata woga ukidhani unafuata mpango.

Kwa laki mbili za mshahara, nenda benki yako uombe maelekezo ya kudumu ya kuhamishia pesa kwenye mfuko, tarehe iwe siku mbili au tatu baada ya mshahara kuingia, isiwe siku ile ile, maana mshahara ukichelewa kidogo agizo linakwama na benki nyingine hutoza agizo lililokwama. Namba yako ya uwekezaji iandikwe sawasawa kwenye sehemu ya maelezo. Pesa iliyotumwa bila namba sahihi inakaa bila kununua vipande hadi mtu aitafute. Mwezi wa kwanza na wa pili hakikisha vipande vimeingia, na hifadhi risiti.

Kuna maswali mawili ningependa mkae nayo wewe na mume wako jioni moja, kila mmoja aandike jibu lake kabla hamjaonyeshana. Tuseme tumeingiza zote Machi, Juni zinasoma 1,900,000: tutafanya nini siku hiyo? Na tuseme tumegawa, bei imepanda tukaachwa nyuma 300,000: tutafanya nini siku hiyo? Jibu la kwanza likiwa tutaacha zikae na mshahara uendelee kununua, mko tayari kwa mkupuo kuliko mlivyodhani. Likiwa tutatoa, gaweni, na pengine mpunguze hicho kiasi cha hisa kabla ya kugawa. Majibu yenu yakitofautiana, ile njia ya nusu kwa nusu ipo kwa ajili ya nyumba kama yenu. Mkishakubaliana, andikeni tarehe za mafungu na kiasi chake kwenye karatasi, mmoja wenu asiweze kuzibadilisha peke yake. Na ada ya Julai itoeni kwenye hiyo akaunti wiki hii, kabla ya jambo jingine lolote, ipelekeni inakosubiria.